Mradi Nusu Haupo: Hesabu ya Kuchagua Fedha Zisipotosha

Kikao cha bodi ya chama cha ushirika kikifika kwenye bajeti ya maendeleo, mara nyingi huanza kwa utulivu na kuishia kwa mabishano. Kila mjumbe amekuja na mradi wake moyoni. Huyu anataka lori, yule anataka mtambo wa mtindi, wa tatu anasema bila kisima hakuna la maana litakalofanyika. Saa zinakwenda, chai inapoa, na mwishowe wanapiga kura ambayo nusu ya wajumbe wanaondoka hawajairidhia.

Wajumbe hao hawakosi akili. Wanachokosa ni namna ya kuyashika kwa wakati mmoja maneno matatu ambayo yote yamesemwa ndani ya chumba kilekile: "fedha hazitoshi", "hatuwezi kusimamia yote kwa mpigo", na "hiki bila kile hakina faida". Kila neno kati ya hayo linaweza kuandikwa kwa mstari mmoja wa hesabu, kwa kujumlisha na kulinganisha tu. Ukishaandika mistari hiyo, unapata orodha ya miradi ya kutekeleza, na pia unajua kila sharti ulilojiwekea linakugharimu shilingi ngapi. Hilo la pili ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu bodi nyingi hazijui kwamba swali hilo lina jibu.

Tuchukue chama cha mfano cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, tuseme kiko Rungwe, mkoani Mbeya. Namba nitakazotumia ni za kutunga, na nimezifanya nyepesi ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu. Chama kina shilingi milioni 100 za maendeleo na mapendekezo sita mezani. La kwanza ni tangi la kupozea maziwa, ili maziwa ya jioni yasiharibike usiku. La pili ni mtambo wa mtindi. La tatu ni kinu cha kusaga na kuchanganya chakula cha mifugo. La nne ni lori dogo la kupeleka maziwa mjini. La tano ni duka la pembejeo na dawa za mifugo. La sita ni kisima chenye pampu, kwa sababu sasa chama hununua maji ya boza ili kuoshea makopo.

Kila pendekezo lina namba mbili. Moja ni gharama ya kulianzisha. Ya pili ni thamani halisi ya leo, yaani faida ya miaka yote ijayo ikishaletwa kwenye shilingi za leo na kuondolewa gharama ya kuanzia. Tuitazame namba hii ya pili kwa karibu kupitia kisima. Kisima kinagharimu milioni 25. Kikichimbwa, chama kitaacha kulipia maji ya boza na kuokoa milioni 6.7 kila mwaka kwa miaka 10. Mtu wa haraka atasema faida ni milioni 67 toa 25. Lakini shilingi ya mwaka ujao si sawa na shilingi iliyoko mfukoni leo. Ikiwa fedha za chama zingeweza kuzaa asilimia 12 kwa mwaka kwingineko, basi shilingi moja ya mwaka ujao ina thamani ya senti 89 leo, ya mwaka wa pili senti 80, na inaendelea kupungua hivyo. Ukijumlisha miaka 10 yote, kila shilingi moja inayookolewa kwa mwaka ina thamani ya shilingi 5.65 za leo. Milioni 6.7 mara 5.65 ni karibu milioni 38. Toa 25, inabaki 13. Hiyo ndiyo thamani halisi ya kisima.

Mapendekezo mengine yamepigiwa hesabu kwa njia hiyohiyo. Hizi hapa namba zake, zote kwa mamilioni ya shilingi:

```
Mradi        Gharama   Thamani halisi
T  Tangi        40          12
M  Mtindi       30          30
K  Kinu         35          28
L  Lori         45          33
D  Duka         15           9
S  Kisima       25          13
```

Miradi yote sita ina faida. Fedha zingetosha, kusingekuwa na la kujadili. Lakini gharama zake kwa jumla ni milioni 190, na chama kina 100.

Mhasibu mwangalifu atafanya jambo la kawaida: atagawanya thamani kwa gharama, aone kila shilingi inarudisha nini, kisha apange kuanzia juu. Mtindi unaongoza, shilingi kwa shilingi. Kinu kinafuata kwa 0.80, kisha lori kwa 0.73, duka 0.60, kisima 0.52, na tangi liko mkiani kwa 0.30. Anachukua mtindi, anachukua kinu, zimetumika milioni 65. Lori la milioni 45 halitoshei, analiruka. Anachukua duka, zinafika 80. Kisima hakitoshei. Anamaliza na miradi mitatu yenye thamani ya milioni 67, na milioni 20 zimebaki benki.

Njia hiyo ina mantiki na imetumika kwa miaka mingi, lakini inakosea. Mtindi, lori na kisima kwa pamoja vinagharimu milioni 100 kamili na thamani yake ni 76. Mhasibu amepoteza milioni 9, ilhali hakukosea popote katika kugawanya wala kujumlisha. Kosa lake ni kuutazama kila mradi peke yake. Kinu ni kizuri kuliko kisima ukivilinganisha viwili hivyo, lakini kikiingia kinaziba nafasi ya lori, na lori lilikuwa na thamani kubwa zaidi.

Je, tungeweza kuepuka tatizo hili kwa kuruhusu vipande? Tukiruhusu, jibu bora ni mtindi mzima, kinu kizima, na sehemu saba kati ya tisa za lori, kwa thamani ya milioni 83.7. Hakuna anayeuza sehemu saba za tisa za lori. Ukiikuza iwe lori zima, umevuka bajeti kwa milioni 10. Ukiishusha iwe sifuri, unabaki na mtindi na kinu tu, thamani 58, na milioni 35 zimelala. Jibu lenye vipande ni darini ambapo jibu la kweli haliwezi kupita, lakini halikuonyeshi mahali jibu lenyewe lilipo.

Hapa ndipo kigeu cha sifuri-au-moja kinapoingia. Kila mradi unapewa herufi, na herufi hiyo ni kama swichi ya taa. L ikiwa 1, lori limenunuliwa. L ikiwa 0, halikununuliwa. Hakuna katikati. Uzuri wa namba hizi mbili ni kwamba ukizijumlisha unapata idadi. M + K + L + D ni hesabu ya miradi mingapi kati ya hiyo minne imechaguliwa. Na ukizidisha swichi kwa gharama, unapata gharama yote au huna gharama kabisa: 45L ni milioni 45 au ni sifuri.

Sasa turudi kwenye maneno ya kikao. Meneja wa chama ni mmoja na mhasibu ni mmoja. Tangi na kisima ni vifaa. Vikishafungwa vinahitaji fundi mara moja moja. Lakini mtindi, kinu, lori na duka ni biashara mpya kabisa. Kila moja ina kasha lake la fedha, wateja wake, na watu wa kuwasimamia kila siku. Bodi ikaamua: katika hizo nne, zisizidi mbili mwaka huu. Uamuzi huo wote unaingia kwenye mstari mmoja, M + K + L + D isizidi 2. Mstari huu unakubali biashara mbili, unakubali moja, unakubali hata kutokuwepo kabisa. Anayetaka ziwe mbili kamili ataandika alama ya sawasawa, na hapo amesema jambo jingine: amelazimisha biashara ya pili hata kama haina maana. Nimeona tofauti hiyo ndogo ikiwasumbua watu, kwa sababu kwa mdomo tunasema "tuchague mbili" bila kueleza kama tunamaanisha lazima au mwisho.

Neno la tatu ni la utegemezi. Mtindi hauwezi kutengenezwa kwa kiasi kinachofaa bila tangi, maana maziwa ya jioni yanapaswa kufika asubuhi yakiwa baridi. Mtindi ukichaguliwa, basi tangi lazima lichaguliwe. Kwa hesabu: M isizidi T. Mstari huu ni mfupi mno hata mtu anaweza kushuku kama kweli unabeba maana yote, kwa hiyo tuujaribu. Kuna hali nne tu. Bila tangi na bila mtindi, sifuri haizidi sifuri, ruhusa. Tangi bila mtindi, sifuri haizidi moja, ruhusa. Na ndivyo inavyotakiwa, kwani tangi lina faida yake hata peke yake. Tangi na mtindi, moja haizidi moja, ruhusa. Mtindi bila tangi, moja inazidi sifuri, marufuku. Imezuiwa hali ileile moja tuliyotaka kuizuia.

Jaribio hilo la hali nne ni la dakika moja, na namsihi kila anayeandika masharti ya namna hii asiliache, kwa sababu kosa kubwa katika kazi hii ni kugeuza mstari. Mtu akiandika T isizidi M, amesema tangi lisinunuliwe bila mtindi, na wakati huohuo ameuachia mtindi usimame bila tangi. Katika mfano wetu kosa hilo lingeleta jibu la mtindi, lori na kisima, thamani 76. Kompyuta isingelalamika. Jibu lingependeza kuliko jibu sahihi, na ndiyo hatari yake. Dalili ni kwamba orodha iliyotoka ina mtindi lakini haina tangi. Anayesoma thamani ya jumla bila kusoma orodha hatagundua.

Masharti yote kwa pamoja yanaonekana hivi:

```
Ongeza kadiri iwezekanavyo:
   12T + 30M + 28K + 33L + 9D + 13S
Kwa masharti:
   40T + 30M + 35K + 45L + 15D + 25S <= 100
   M + K + L + D <= 2
   M <= T
   T, M, K, L, D, S ni 0 au 1
```

Kuna michanganyiko 64 ya swichi sita, na mtu mwenye subira anaweza kuipitia yote kwa mkono. Nashauri tupite kwa mantiki. Tukichagua mtindi, tangi linafuata, na milioni 70 zimekwisha. Zinabaki 30, zinazotosha kisima au duka lakini si vyote viwili. Bora ni kisima: tangi, mtindi na kisima, thamani 55. Tukiuacha mtindi, tuna nafasi ya biashara mbili kati ya kinu, lori na duka. Kinu na lori ni milioni 80 kwa thamani ya 61, na milioni 20 zilizobaki hazitoshi kisima wala tangi, na duka limezuiwa na sharti la usimamizi. Lori, duka na kisima vinatoa 55. Michanganyiko mingine iko chini ya hapo. Jibu ni kinu na lori, thamani milioni 61, na milioni 20 zinarudi benki.

Jibu hili huwashtua watu kwa mambo mawili. Mtindi, uliokuwa unaongoza orodha ya mhasibu, umetoka kabisa. Sababu ni kwamba mtindi haukuwa na haki ya kuhesabiwa kuwa wa milioni 30. Ukiufuatanisha na tangi lake, jozi hiyo inagharimu 70 na kuleta 42, yaani senti 60 kwa kila shilingi, chini ya kinu na chini ya lori. Mradi tegemezi huonekana wa bei rahisi kwa sababu mzigo wake mzito umeandikwa kwenye mstari wa mradi mwingine. Jambo la pili ni zile milioni 20 zisizotumika. Wajumbe wengi huona fedha kubaki ni uzembe. Lakini hapa kuzitumia zote, kwa mfano kwa kinu, tangi na kisima ambavyo vinamaliza milioni 100 bila kubakiza hata senti, kungeleta thamani ya 53 tu.

Tukiondoa sharti moja kwa wakati, tunaona bei yake. Tukilifuta sharti la usimamizi na kuacha mengine, jibu linakuwa kinu, lori na duka, thamani 70. Kwa hiyo kutokuwa na mtu wa kusimamia biashara ya tatu kunakigharimu chama milioni 9. Bodi sasa inajua kwamba msimamizi wa ziada ambaye gharama yake yote, ikiletwa kwenye shilingi za leo, haifiki milioni 9 anastahili kuajiriwa. Akizidi hapo, hastahili. Hilo halitokani na hisia ya mtu yeyote mezani.

Lakini tusiharakishe kutangaza nafasi ya kazi. Tuache sharti la usimamizi lilivyo, na badala yake tuongeze bajeti kidogo. Ikiwa 101, jibu halibadiliki. Ikiwa 104, vilevile. Ikifika 105, kisima kinaingia pamoja na kinu na lori, na thamani inaruka kutoka 61 hadi 74. Milioni 5 zimeleta milioni 13. Na katika bajeti hiyo ya 105, ukilifuta sharti la usimamizi, hupati chochote: jibu linabaki 74. Yule msimamizi aliyekuwa na thamani ya milioni 9 dakika moja iliyopita, sasa thamani yake ni sifuri.

Kwenye hesabu za vitu vinavyogawanyika, kama mchele au saruji, kila shilingi ya ziada huleta nyongeza yake kidogo kidogo, na nyongeza hiyo hupungua taratibu. Miradi isiyokatika haiko hivyo. Thamani inakaa tuli, kisha inaruka ghafla, kisha inakaa tuli tena. Hata orodha yenyewe inaweza kupinduka. Kwenye bajeti ya 115, jibu bora ni tangi, mtindi na lori, thamani 75. Kinu na kisima, vilivyokuwa vimechaguliwa kwa 105, vimetoka, na vyote hivyo ni kwa faida ya milioni moja tu. Kwa hiyo ukimwona mtaalamu anakuletea jibu la bajeti moja peke yake, mwombe akurudishie na majibu ya bajeti iliyo juu kidogo na iliyo chini kidogo.

Hesabu hii haikuanza jana. Mwaka 1955 James Lorie na Leonard Savage wa Chuo Kikuu cha Chicago waliandika kuhusu taabu ya kugawa mtaji usiotosha, wakionyesha jinsi vipimo vilivyozoeleka vinavyoshindwa pale miradi inapotegemeana au inapochota bajeti za miaka zaidi ya mmoja. Mwaka 1963 Martin Weingartner alichapisha kitabu kilicholiweka tatizo hilo kwenye lugha ya masharti na vigeu. Katikati yao, mwaka 1960, wanawake wawili wa Shule ya Uchumi ya London, Ailsa Land na Alison Doig, walichapisha njia ya kupata jibu bila kupitia kila mchanganyiko.

Njia yao inaeleweka hata bila kompyuta, na tuione kwenye mfano wetu rahisi wa sharti la bajeti pekee. Kwanza unaruhusu vipande, unapata 83.7 na lori la sehemu saba za tisa. Kwa kuwa lori la vipande halipo, unagawa njia mbili: upande mmoja lori halinunuliwi kabisa, upande wa pili linanunuliwa zima. Kila upande unaruhusu tena vipande kwa miradi iliyobaki na kutafuta dari lake. Bila lori, dari ni 77.4. Pamoja na lori, dari ni 83. Unaendelea kugawa. Siku ukikuta jibu lisilo na kipande hata kimoja, kama lile la mtindi, lori na kisima lenye 76, unalishika mkononi. Tangu hapo, tawi lolote ambalo dari lake haliivuki 76 unalikata bila kulifungua. Tawi la kuwa na lori na kinu bila mtindi, kwa mfano, dari lake ni 72.6. Halina haja ya kutazamwa, na michanganyiko yote iliyomo ndani yake imekwenda nalo. Kwa miradi sita hii ni anasa. Kwa miradi 30, michanganyiko inapita bilioni moja, na hapo kukata matawi ndiko kunakoleta tofauti kati ya sekunde chache na kungoja pasipo mwisho.

Leo kazi hiyo hufanywa na programu ya jedwali iliyomo kwenye kompyuta ya ofisi. Kwenye Excel, weka swichi sita kwenye B2 hadi B7, gharama kwenye C2 hadi C7, thamani kwenye D2 hadi D7, kisha andika jumla mbili:

```
=SUMPRODUCT(B2:B7,D2:D7)
=SUMPRODUCT(B2:B7,C2:C7)
```

Ya kwanza ndiyo ya kuongeza, ya pili isizidi 100. Fungua Solver, ongeza masharti, na kwa swichi zako chagua `bin`. Njia ya kutatua chagua `Simplex LP`. Kisha fungua `Options` utazame mahali palipoandikwa `Integer Optimality (%)`. Pakiwa na 1, umeiruhusu programu isimame ikishapata jibu lililo ndani ya asilimia moja ya jibu bora. Kwa miradi ya mabilioni, asilimia moja ni fedha nyingi. Andika 0. Hakikisha pia kwamba kisanduku cha `Ignore Integer Constraints` hakina alama, la sivyo utaletewa vipande vya lori.

Maneno "na" na "au" yanahitaji uangalifu wa pekee. Mtindi ukihitaji tangi na kisima vyote viwili, andika mistari miwili: M isizidi T, M isizidi S. Wapo wanaoandika mmoja tu, 2M isizidi T + S. Kwa swichi kamili mstari huo ni sahihi, lakini wakati programu inapopima dari kwa kuruhusu vipande, unaukubali nusu mtambo wa mtindi pasipo kisima, dari linakuwa juu kuliko inavyostahili, na matawi machache yanakatwa. Ikiwa mtindi unatosheka na kimojawapo kati ya tangi na kisima, mstari ni M isizidi T + S.

Udhaifu mkubwa wa njia hii haumo kwenye mistari. Umo kwenye ile safu ya thamani. Ikiwa aliyekadiria mtindi alihesabu maziwa ya jioni yatakayookolewa na tangi, na aliyekadiria tangi naye akayahesabu maziwa hayohayo, maziwa hayo yamehesabiwa mara mbili, na hakuna programu itakayoligundua hilo. Miradi inayotegemeana ikadiriwe na mtu mmoja, au na watu waliokaa meza moja: tangi likadiriwe likiwa peke yake, kisha mtindi ukadiriwe kwa kile unachoongeza juu ya tangi, si zaidi.

Tena, makadirio ni makadirio. Baada ya kupata jibu la kwanza, lizuie ili uone la pili. Kwetu sisi kinu na lori ndivyo vilivyochaguliwa, kwa hiyo unaongeza sharti kwamba K + L − T − M − D − S isizidi 1. Orodha pekee inayovunja sharti hilo ni ileile tuliyokwisha kuipata. Programu sasa itakuletea thamani ya 55, ambayo orodha mbili zinafungana: tangi, mtindi na kisima, au lori, duka na kisima. Pengo kati ya jibu la kwanza na la pili ni milioni 6. Maana yake, ikiwa mtindi una thamani ya 37 badala ya 30, uamuzi wote unageuka. Swali la kuuliza wajumbe basi ni moja: mna uhakika kiasi gani na bei ya mtindi mjini?

Kwa chama chetu cha Rungwe, mimi nisingepiga kura siku hiyo. Ningeomba kikao kiahirishwe wiki mbili ili itafutwe milioni 5: hisa za wanachama wapya, punguzo la muuzaji wa lori, au mchimba kisima atakayekubali kulipwa sehemu ya mwisho baada ya mauzo ya kwanza. Zikipatikana, wanunue lori, wajenge kinu, wachimbe kisima. Zisipopatikana, wachukue lori na kinu, na milioni 20 zibaki benki.